Farasi wa James Watt: kipimo kilichozaliwa kwenye ankara

*"Shikamoo Mhandisi. Nina mashine ya kusaga mahindi, na kibati cha mota kimeandikwa 10 HP. Fundi aliyeifunga anasema hiyo ni nguvu ya farasi kumi. Nani alimpima farasi huyo, na kwa nini injini ipimwe kwa mnyama? Jirani yangu anasema ni uongo wa wafanyabiashara tu. Naomba unieleze kwa kirefu."*

Marahaba ndugu yangu. Jirani yako yuko nusu sahihi. Kipimo hiki kweli kilitoka kwa wafanyabiashara, na kilitengenezwa ili watu wawili waweze kukubaliana bei. Lakini ukifuata hesabu yenyewe utaona kwamba aliyeiweka alijipunguzia mapato yake, na alikuwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo.

Mazoea ya kulinganisha injini na farasi ni ya zamani kuliko James Watt. Mwingereza Thomas Savery alipata hataza ya pampu ya mvuke mwaka 1698, pampu iliyokusudiwa kutoa maji migodini. Wakati huo migodi mingi ilitegemea farasi waliozunguka mchana na usiku wakivuta kamba za ndoo au kuendesha pampu. Mwaka 1702 Savery alichapisha kijitabu cha kuitangaza mashine yake, na humo akatoa hoja ambayo kila mwenye mgodi aliielewa mara moja. Alisema injini inayotoa maji mengi kama farasi wawili wanaovuta kwa pamoja haichukui nafasi ya farasi wawili tu. Farasi huchoka. Ili wawili wawe kazini saa zote, lazima uwe na kumi au kumi na wawili zizini, wakipokezana, na wote wanakula.

Hoja ilikuwa nzuri, ila Savery hakusema farasi mmoja ni kiasi gani. Kwake farasi alikuwa njia ya kueleza, hajawa kipimo. Ilichukua miaka themanini kabla mtu hajalazimika kuweka namba, na kilichomlazimisha ni namna alivyokuwa akiwatoza wateja wake.

Watt alikuwa fundi wa vyombo vya kisayansi katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Uskoti. Alipewa mfano mdogo wa injini ya mvuke ya Thomas Newcomen, aina iliyotumika migodini kabla yake, autengeneze, akagundua kwamba injini ile inakula makaa bila sababu. Katika injini ya Newcomen mvuke huingia ndani ya silinda, kisha maji baridi hurushwa humo humo ili mvuke ugeuke maji na kuacha ombwe. Hewa ya nje inaisukuma pistoni chini, na kazi inafanyika. Tatizo ni kwamba silinda inapozwa kila mara, na mvuke unaofuata unatumika kwanza kuipasha moto upya. Mwaka 1765 Watt alipata ufumbuzi: mvuke upoozwe katika chombo kingine kilichounganishwa na silinda kwa bomba, na silinda yenyewe ibaki moto muda wote. Alipata hataza mwaka 1769. Mwaka 1775 Bunge la Uingereza likairefusha hadi mwaka 1800, na mwaka huo huo akaingia ubia na Matthew Boulton, mwenye kiwanda cha Soho karibu na Birmingham.

Hapa ndipo penye kiini cha swali lako. Boulton na Watt hawakuuza injini kama duka linavyouza mota leo. Mteja alilipia mwenyewe jengo, ufungaji na vipuri vingi, na silinda kwa kawaida ilichongwa na John Wilkinson. Kampuni ilitoa michoro, usimamizi na baadhi ya sehemu nyeti. Mapato yake makubwa yalikuwa mrabaha, malipo ya kila mwaka kwa haki ya kutumia uvumbuzi wa Watt hadi hataza iishe. Swali likawa: mrabaha huo ukokotolewe kwa nini?

Wateja wao wa kwanza wakubwa walikuwa wenye migodi ya shaba na bati ya Cornwall, kusini magharibi mwa Uingereza. Cornwall haina makaa ya mawe. Yaliletwa kwa meli kutoka Wales na yalikuwa ghali, kwa hiyo injini inayopunguza makaa ilikuwa mkombozi kwao. Boulton na Watt wakapendekeza hesabu iliyo wazi. Tunapima makaa ambayo injini ya Newcomen ingetumia kwa kazi hii hii, tunatoa makaa ambayo injini yetu imetumia kweli, na theluthi moja ya thamani ya kilichookolewa mnatulipa sisi. Theluthi mbili zinabaki kwenu. Ili kujua injini imefanya kazi kiasi gani, walifunga kwenye boriti yake kihesabio kilichohesabu kila mpigo, ndani ya sanduku lenye kufuli.

Kwa mgodi mpango huu ulikuwa na mantiki kamili, kwa sababu injini ya zamani ilikuwepo na ingeweza kupimwa. Hata hivyo ulizaa manung'uniko. Mwenye mgodi ambaye kwa miaka mingi hajaona tena injini ya Newcomen ikifanya kazi kwake alijiuliza kwa nini kila mwaka anatozwa kwa makaa ambayo hakuyanunua. Baadhi ya watu wa Cornwall walikataa kulipa, na miaka ya 1790 kampuni ilikuwa mahakamani ikipigania hataza yake. Nataja hili kwa sababu linaonyesha Boulton na Watt walijifunza nini: ankara ambayo mteja hawezi kuihakiki kwa macho yake mwenyewe huleta ugomvi.

Kisha soko likabadilika. Injini za migodini zilifanya jambo moja tu, kupandisha na kushusha fimbo ya pampu. Mwaka 1781 Boulton alimwandikia Watt kwamba watu wa London, Manchester na Birmingham wamepandwa na wazimu wa viwanda vya mvuke, na akamhimiza atengeneze injini inayozungusha gurudumu. Watt alitimiza hilo, na kwa kuwa kulikuwa na hataza ya mtu mwingine juu ya matumizi ya fimbo iliyopindwa kwenye injini ya mvuke, akatumia gia mbili, moja ikizunguka nyingine. Sasa injini iliweza kuendesha vinu vya nafaka, viwanda vya bia, karakana za chuma na mitambo ya pamba.

Lakini mwenye kiwanda cha bia London hakuwahi kuwa na injini ya Newcomen. Hakuna makaa ya zamani ya kulinganisha na mapya, na theluthi ya akiba haikokotoleki. Alichokuwa nacho ni farasi. Farasi waliofungwa kwenye mti mrefu uliotoka katika nguzo ya kati, wakizunguka duara siku nzima, na nguzo ikizungusha mawe ya kusagia kimea au pampu za maji. Alijua idadi yao, alijua nyasi na shayiri wanayokula, alijua lini mmoja amepata kilema. Mtu wa namna hii ukimwendea na habari za mvuke, swali lake ni moja: hii mashine yako itaniondolea farasi wangapi?

Basi kampuni ikaweka mrabaha kwa farasi. Kwa injini za kuzungusha, mteja wa mikoani alilipa pauni 5 kwa mwaka kwa kila nguvu ya farasi, na wa London pauni 6. Injini ya farasi kumi pale London ilimgharimu mwenyewe pauni 60 kwa mwaka hadi hataza iishe. Mara tu pesa ilipofungamanishwa na farasi, haikuwezekana tena kumwacha farasi bila kipimo. Kama mimi nasema injini ni ya farasi kumi na wewe unasema ni nane, tofauti yetu ni pauni 12 kila mwaka.

Namba ilipatikana hivi. Mwaka 1782 Watt aliandika katika daftari lake la kazi habari za kinu kinachoendeshwa na farasi, mali ya mteja mtarajiwa. Duara wanalozunguka lina kipenyo cha futi 24, na farasi anafanya mizunguko miwili na nusu kwa dakika. Watt anahesabu kwamba huo ni mwendo wa yadi 60 kwa dakika, yaani futi 180. Kisha anakadiria kwamba farasi anavuta kwa kani ya ratili 180.

Tupige hesabu pamoja naye. Kazi ni kani mara umbali. Ratili 180 zikivutwa futi 180 kwa dakika, unapata 180 × 180 = 32,400. Kipimo chake ni futi-ratili kwa dakika, na maana yake ni kwamba farasi huyo angeweza kuinua mzigo wa ratili 32,400 kwa futi moja kila dakika, au ratili 3,240 kwa futi kumi. Ni mamoja. Mwaka uliofuata namba anayotumia ni 33,000, na hiyo ndiyo iliyobaki hadi leo.

Utaona kwamba amelichukulia duara kirahisi. Kipenyo cha futi 24 kinatoa mzingo wa futi 75 na kitu, si 72. Mizunguko miwili na nusu ingekuwa zaidi ya futi 188 kwa dakika, na jibu lingekaribia 34,000. Utakutana pia na maelezo kwamba farasi alizunguka mara 144 kwa saa, ambayo hutoa 32,572. Tofauti hizi hazina uzito, kwa sababu namba isiyo na uhakika zaidi katika hesabu nzima ni ile ya ratili 180. Mwendo unaweza kuupima kwa saa na kamba. Kani ya farasi anayetembea huku amefungwa kwenye mti, akivuta pembeni kidogo kwa sababu ya duara, ni ngumu kuipima, na Watt aliikadiria. Kuandika 32,400 au 32,572 kungeonyesha uhakika ambao hakuwa nao. 33,000 ni namba ya mviringo inayokubali kwamba ni makadirio.

Sasa turudi kwa jirani yako anayesema ni uongo. Hadithi inayozunguka sana ni kwamba Watt aliwapima farasi wadogo wa migodini, akapata 22,000, halafu akaongeza nusu yake ili kuwavutia wateja. Daftari la 1782 halina habari hiyo. Lina farasi wa kinu na hesabu niliyokuonyesha. Kuna nyingine pia, kwamba mwenye kiwanda cha bia alimchukua farasi wake mwenye nguvu kuliko wote, akamchapa afanye kazi hadi azimie, kisha akamwambia Watt injini yake imfikie huyo. Inasimulika vizuri, ila tarehe haziiruhusu. Viwanda vya bia vya London vilianza kununua injini za Watt mwaka 1784 na 1785, na hesabu ya farasi ilikuwa tayari daftarini kwa miaka miwili.

Tena Watt hakuwa wa kwanza kumkadiria farasi. John Desaguliers, mwanasayansi wa kizazi kilichomtangulia, alisema farasi anavuta ratili 200 kwa mwendo wa maili mbili na nusu kwa saa, muda wa saa nane. Maili mbili na nusu kwa saa ni futi 220 kwa dakika, kwa hiyo farasi wa Desaguliers ni 44,000. John Smeaton, mhandisi aliyeheshimika kuliko wote Uingereza wakati huo, anatajwa kuwa na namba ya 22,916. Farasi wa Watt yuko katikati yao, karibu katikati kabisa.

Hapa nakuomba uwe makini, kwa sababu wengi wanaielewa kinyume. Chukua injini moja halisi inayofanya kazi ya 330,000 kwa dakika. Kwa farasi wa Watt injini hiyo ni ya farasi 10, na mteja wa London analipa pauni 60. Kwa farasi wa Smeaton, injini hiyo hiyo, bila kuongezwa hata msumari, inakuwa ya farasi zaidi ya 14, na ankara inavuka pauni 84. Kwa farasi wa Desaguliers inashuka hadi farasi 7 na nusu, pauni 45. Ukitaka kumkamua mteja, unachagua farasi dhaifu ili injini yako ionekane ina farasi wengi. Watt alikuwa na namba ya Smeaton ya kujificha nyuma yake, na hakuna aliyethubutu kumbishia Smeaton. Akachagua farasi mkubwa zaidi, akapoteza karibu theluthi ya mrabaha ambao angeweza kuudai.

Alipata nini? Alipata mteja asiyelalamika. Farasi wa kawaida wa uzito wa kilo 600 huvuta siku nzima kwa kani inayokaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake, yaani kama kilo 60. Ratili 180 za Watt ni kilo 82. Farasi wa kweli kwenye kinu, aliyekonda, mzee, au mwenye kwato mbovu, hakuifikia namba hiyo saa baada ya saa. Kwa hiyo mwenye kinu aliyeondoa farasi kumi na kufunga injini ya farasi kumi aliona mawe yakizunguka kwa nguvu kuliko zamani, na kila akilinganisha alijiona amefaidika. Baada ya ugomvi wa Cornwall, hilo lilikuwa na thamani kubwa kwa kampuni kuliko pauni chache za ziada. Na hoja ya Savery bado ilikuwepo: injini ya farasi kumi inayofanya kazi usiku na mchana inachukua nafasi ya zizi zima la farasi wanaopokezana zamu.

Lakini usichanganye na nguvu ya farasi anapojitahidi kwa muda mfupi. Farasi mkubwa wa kukokota, katika mashindano ya kuvuta mizigo, anaweza kutoa zaidi ya HP kumi kwa sekunde chache. Namba ya Watt inahusu kazi ya kutwa nzima, kwa sababu kinu hakisagi kwa sekunde chache.

Kulikuwa na shida moja ambayo Watt hakuimaliza. Utajuaje injini hii ni ya farasi wangapi kabla hujaifunga? Kampuni ilitumia kanuni ya ukubwa. Ilichukulia kwamba mvuke na ombwe kwa pamoja vinaisukuma pistoni kwa wastani wa ratili 7 kwa kila inchi ya mraba, kisha ikazidisha kwa eneo la pistoni na kwa mwendo wake. Tuchukue silinda ya kipenyo cha inchi 17.5. Eneo lake ni kama inchi za mraba 240, na mara 7 unapata kani ya ratili 1,680. Pistoni ikisafiri futi 4 kwenda na futi 4 kurudi, mara 25 kwa dakika, mwendo ni futi 200. Zidisha: 336,000. Gawa kwa 33,000, unapata farasi 10 na kidogo.

Kanuni hiyo ilikuwa sawa kwa injini za wakati huo, ambazo mvuke wake ulikuwa na shinikizo dogo tu juu ya hewa ya kawaida. Hataza ilipoisha mwaka 1800, wahandisi wengine wakaanza kutumia mvuke wa shinikizo kubwa na mwendo wa kasi, lakini wauzaji wakaendelea kupiga hesabu ya farasi kwa ukubwa wa silinda na zile ratili 7. Matokeo yake, injini ya meli iliyoandikwa farasi 100 kwenye mkataba iliweza kutoa mara tatu au nne ya hapo baharini. Namba ya kwenye karatasi ikaachana na nguvu halisi, na mnunuzi akabaki analinganisha ukubwa wa vyuma.

Dawa ilikuwa kupima badala ya kukisia. Watt na msaidizi wake John Southern walikuwa tayari na kifaa kidogo kilichochora kwa kalamu jinsi shinikizo linavyopanda na kushuka ndani ya silinda wakati pistoni inatembea, na kutokana na mchoro huo unakokotoa kazi halisi ya kila mpigo. Southern aliongeza ubao unaotembea pamoja na pistoni mwaka 1796. Kampuni ilikificha kwa miaka mingi kama siri ya biashara. Baadaye, mwaka 1821, Mfaransa Gaspard de Prony akaleta njia ya kubana ekseli kwa breki yenye mkono na mizani, ili kupima kile kinachomfikia mtumiaji baada ya msuguano wa ndani kula sehemu yake. Nguvu inayopimwa kwenye ekseli ndiyo inayoandikwa kwenye kibati cha mota yako.

Mwaka 1882 William Siemens alipendekeza kipimo cha nguvu ya umeme kipewe jina la Watt, kwa hiyo mtu aliyempima farasi ndiye ambaye jina lake limechukua nafasi ya farasi. Futi-ratili 33,000 kwa dakika ni wati 746 hivi. Nchi za bara la Ulaya zilijiwekea farasi wao wa mita na kilo: kilo 75 kuinuliwa mita moja kwa sekunde, sawa na wati 735.5. Farasi huyo huandikwa PS, na ndiye unayemkuta kwenye karatasi za magari yaliyotumika yanayoletwa kwetu kutoka Japani. Anapungukiwa na wa Watt kwa karibu asilimia moja na nusu tu, kwa hiyo gari lisikusumbue.

Sasa mota yako. HP 10 ni kilowati 7.46, na ndiyo maana vibati vingi vya mota za HP 10 vina pia namba 7.5 kW. Hiyo ni nguvu inayotoka kwenye ekseli kwenda kwenye mkanda. Umeme unaoingia ni zaidi, kwa sababu sehemu yake inapotea kama joto. Mota nzuri ya ukubwa huo inageuza kama asilimia 87, kwa hiyo ikibeba mzigo wake kamili inavuta karibu kilowati 8.6, na luku yako inapoteza yuniti 8.6 kwa kila saa ya kusaga mfululizo.

Na kwa sababu jirani yako ana wasiwasi na uongo, mwonyeshe jinsi ya kuukamata, maana siku hizi upo kweli. Soma ampea kwenye kibati. Mota ya fezi tatu ya HP 10 kwenye volti 400 inapaswa kuandikwa ampea 14 au 15. Ukikuta imeandikwa HP 10 na ampea 9, haiwezi kuwa HP 10. Kwa pampu ndogo za fezi moja hesabu ni nyepesi zaidi: zidisha volti kwa ampea. Pampu iliyoandikwa HP 3 yenye ampea 6 kwenye volti 230 inavuta si zaidi ya wati 1,380, wakati farasi watatu wa Watt wanahitaji wati 2,238 kwenye ekseli kabla hata hujahesabu kinachopotea. Hata mota isiyopoteza chochote isingewafikia farasi wawili. Kama kibati hakina ampea kabisa, mwombe fundi azungushe kipimo chake cha kubana waya wakati mashine inasaga mahindi, si wakati inazunguka tupu, kwa sababu mota isiyo na mzigo huvuta ampea ambazo hazikuambii lolote kuhusu nguvu yake.